Msimpe Kocha Mpya Sifa za Ratiba

Klabu ikimtimua kocha na mrithi wake akaanza kwa ushindi mfululizo, hukumu hutoka papo hapo: tatizo lilikuwa yule aliyeondoka. Mfano unaotajwa sana ni wa Manchester United. Jose Mourinho alifungashiwa virago tarehe 18 Desemba 2018, timu ikiwa na pointi 26 katika mechi 17 za Ligi Kuu ya Uingereza. Ole Gunnar Solskjaer akaletwa kama kocha wa muda, akavuna pointi 32 katika mechi 13 za ligi, na tarehe 28 Machi 2019 akapewa mkataba wa miaka mitatu. Kutoka pointi 1.5 kwa mechi hadi karibu 2.5, nani angebisha? Mimi nabisha, na ushahidi wangu ni matokeo hayo hayo.

Tuanze na ratiba. Mechi mbili za kwanza za Solskjaer zilikuwa dhidi ya Cardiff na Huddersfield, timu ambazo msimu ulipokwisha zote zilishuka daraja. Mourinho hakuwahi kukutana na hata moja kati yao msimu ule. Kwa hiyo kuwalinganisha makocha hawa kwa wastani wa mechi zote ni kupima mizigo miwili kwa mizani tofauti. Kipimo cha haki kipo, kwa kuwa kila timu ya ligi hukutana na mwenzake mara mbili. Wapinzani wote 17 wa Mourinho walirudiana na United chini ya Solskjaer: Mourinho alicheza mechi 8 nyumbani na 9 ugenini, mwenzake 9 nyumbani na 8 ugenini. Ukiziweka kando mechi nne za Cardiff na Huddersfield, Solskjaer anabaki na pointi 33 dhidi ya 26 za Mourinho. Ile tofauti ya karibu pointi nzima kwa kila mechi imeshuka hadi pointi 7 katika mechi 17, yaani chini ya nusu pointi kwa mechi.

Bado 33 ni zaidi ya 26, na mtetezi wa kocha mpya atasema hizo pointi 7 ni zake. Hapo ndipo penye kosa kubwa zaidi. Kocha hafukuzwi wakati wowote tu. Hufukuzwa matokeo yakiwa chini kuliko kawaida ya timu. Sehemu ya anguko lile huwa ni udhaifu wa kweli, na sehemu nyingine ni bahati mbaya: mpira uliogonga mwamba, majeruhi waliofuatana, penalti iliyonyimwa. Bahati mbaya haina mkataba. Hupungua yenyewe, na timu hurudi kwenye wastani wake hata benchi lisipoguswa. Wastani wa United ulikuwa upi? Misimu miwili iliyotangulia walipata pointi 69, kisha 81, yaani karibu 2 kwa mechi. Kwa mechi 17, hizo ni kama pointi 33 na nusu. Solskjaer aliirudisha timu pale ilipokuwa imezoea kukaa, na aliyekuwa akiiongoza misimu hiyo miwili ni huyo huyo Mourinho.

Wapo watakaosema wachezaji walionekana wamefufuka, na macho hayadanganyi. Macho huona furaha, lakini hayawezi kuona kile ambacho kingetokea kocha wa zamani angebaki. Ili kukiona, unahitaji timu zilizoanguka vivyo hivyo zikamvumilia kocha wao. Mchumi Bas ter Weel alizitafuta katika ligi ya Uholanzi kuanzia 1986 hadi 2004, akakuta nazo ziliinuka, na zilizofukuza hazikuzishinda. Wengine watasema nampokonya Solskjaer haki yake. Simpokonyi. Kwa matokeo ya mechi 17, bahati peke yake inaweza kuisogeza timu pointi tano hivi juu au chini, kwa hiyo pengo la pointi 7 kati ya vipindi viwili haliwezi kuthibitisha kwamba alileta mabadiliko, wala kwamba hakuleta.

Ndiyo maana kosa lilikuwa ni kuamua mapema. Siku mkataba uliposainiwa, marudiano na Manchester City, Chelsea na Everton yalikuwa bado hayajachezwa. Katika mechi nane za ligi zilizobaki, United ilipata pointi 8 tu. Ya mwisho ilikuwa nyumbani, Old Trafford, wakafungwa 2-0 na Cardiff, timu ile ile waliyoichapa 5-1 siku ya kwanza ya kocha mpya.