Msiilaumu Spika, Ilaumuni Karatasi

Kila baada ya mkutano ukumbini nasikia maneno yaleyale. Wafanyakazi wa mashirika wanasema: "Tulitangaza, watu hawasikilizi." Wakazi wanasema: "Ile spika ni mbovu." Mimi nasema wote wamekosea. Aliyekosea ni yule aliyeandika karatasi. Na mara nyingine huyo nimekuwa mimi mwenyewe, kwa hiyo msifikiri nawarushia mawe nikiwa nimejificha.

Nianze na mama mmoja wa kwetu. Alikuwa ukumbini, amekaa katikati, amenyamaza, anasikiliza. Tangazo la uhakiki lilisomwa. Siku ya kwenda akajiandaa, akachukua kadi na watoto wote watano, akafika kituoni asubuhi na mapema. Hakukuta mtu. Ilikuwa tarehe 18, na uhakiki ulikuwa tarehe 14. Aliponiuliza, nikamwambia, mama, ilisemwa kumi na nne. Akanijibu: "Mwanangu, mimi nilisikia kumi na nane. Na jirani yangu pia." Mwezi uliofuata jina lake halikuwemo kwenye mgao. Watoto wale walikula kwa kuazima.

Je, mama huyu hasikilizi? Basi tuangalie kilichotokea ndani ya ukumbi.

Ukumbi wetu ni matofali, sakafu ya saruji na bati juu. Hakuna pazia wala mkeka, hakuna kitu laini cha kunyonya sauti. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 30 kutoka kwa msemaji, sauti inakwenda na kurudi mita 60, karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Ni muda mdogo, lakini ndani ya muda huohuo msomaji wa kawaida ameshatamka silabi nyingine. Kwa hiyo silabi ya zamani inarudi na kuiangukia silabi mpya. Na hairudi mara moja tu. Inagonga bati, inagonga ukuta wa pembeni, inarudi tena. Jaribuni wenyewe ukumbi ukiwa mtupu: piga kofi moja, kisha hesabu mpaka mlio uishe. Ukichukua sekunde mbili, basi msomaji mwenye haraka ameshamwaga silabi kumi juu ya ile ya kwanza.

Kinachopotea kwanza ni herufi dhaifu kama t, k, p, h na s. Kinachobaki kikivuma ni a, e, i, o, u. Sasa fikirini Kiswahili chetu. "Nne" na "nane" zinatenganishwa na "a" moja tu, na kabla yake kuna "kumi na", ambayo "a" yake bado inavuma hewani. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Jumamosi na Jumapili zote zinaanza sawa. Na hatari kuliko zote ni kukanusha. "Mtapewa" na "hamtapewa" zinatofautiana kwa "ha" moja mwanzoni mwa neno. Hiyo "ha" ikimezwa na mwangwi, mtu amesikia ahadi mahali ulipotoa onyo.

Watu wanadhani dawa ni kuongeza sauti. Ukiongeza sauti umeongeza na mwangwi, vyote vinapanda pamoja. Mwisho wake maiki inapiga filimbi na wazee wanaziba masikio. Dawa ni kuupa mwangwi nafasi ufe kabla hujasema neno jingine. Na nafasi hiyo haitokei maikini, inaandikwa kwenye karatasi.

Hii hapa karatasi iliyosomwa siku ile, kwa kumbukumbu yangu:

"Wakuu wote wa kaya wanaoishi katika kanda ya nne ambao hawakuhakikiwa katika zoezi lililopita wanatakiwa kufika katika kituo cha uhakiki tarehe 14, kuanzia saa mbili asubuhi, wakiwa pamoja na wanakaya wao wote na kadi zao za mgao, vinginevyo hawataorodheshwa katika mgao wa mwezi ujao."

Ni sentensi moja yenye maneno zaidi ya arobaini. Msomaji atapumua wapi? Hana pa kupumua, kwa hiyo anakimbia. Mkalimani wa Kirundi naye anasubiri mpaka mwisho, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Tarehe imetajwa mara moja tu, tena katikati ya msongamano. Mimi ningeandika hivi:

Tangazo la uhakiki. /
Ni kwa Kanda ya Nne. /
Nne. Ile baada ya tatu. /
Ulikosa uhakiki uliopita? /
Njoo Alhamisi. /
Alhamisi, tarehe kumi na nne. /
Saa mbili asubuhi. /
Njoo na kadi. /
Njoo na familia yote. /
Ukikosa tena, mwezi ujao utakosa mgao. /

Kila mstari ni pumzi moja. Ule mkwaju maana yake: nyamaza, hesabu moja, mbili, kisha endelea. Palipo na mkalimani, yeye anaingia hapohapo. Tarehe sasa ina shahidi wake, yaani siku. Tarehe 14 ilikuwa Alhamisi na 18 ilikuwa Jumatatu, na maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo. Mama yule angesikia "Alhamisi" angejua "nane" si sahihi. "Hawakuhakikiwa" imekuwa "ulikosa", na "hawataorodheshwa" imekuwa "utakosa", maneno yanayosimama peke yao bila kutegemea kile kipande kidogo cha mbele. Namba zimeandikwa kwa maneno ili msomaji asibabaike.

Najua majibu ya ofisini. La kwanza: maneno yale yamepitishwa, hayabadilishwi. Sawa, yabandikeni ubaoni yote, na mihuri yake. Ubaoni mtu anarudia kusoma, lakini maikini harudii. La pili: hakuna muda. Siku ile karatasi ilirudiwa mara tatu, na bado watu walitoka wakiulizana mlangoni. Kusoma polepole mara mbili kungechukua karibu muda uleule. La tatu ndilo linaloniudhi: kwamba maneno mafupi ni ya watoto, ni kuwadharau wazee. Jamani, dharau ni kumsomea mzee kitu asichoweza kusikia halafu kumwandika kwamba alijulishwa.

Na ninyi vijana wenzangu mnaopenda kushika maiki, mnasoma kama watangazaji wa redioni. Mtangazaji wa redio yuko kwenye chumba kidogo kisicho na mwangwi. Wewe uko chini ya bati. Mbwembwe zako zinaishia safu ya tatu.

Sisemi karatasi inatibu kila kitu. Mvua ikipiga bati, acheni kusoma, subirini ikatike. Spika ikielekezwa darini badala ya kwa watu, igeuzeni kwanza. Lakini siku isiyo na mvua, na spika ikiwa sawa, fanyeni jaribio hili kabla ya mkutano: mmoja asome karatasi maikini, mwingine akae safu ya mwisho bila kuiona, aandike siku, tarehe, saa na kanda alizosikia. Mkumbuke ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa, kwa sababu miili ya watu hunyonya sauti. Basi likisikika ukumbi ukiwa mtupu, mwangwi hautalimeza watu wakijaa.

Kimoja kati ya hivyo vinne kikikosewa, karatasi irudi kwa mwandishi. Isirudishwe kwa mama.