Simu Isitoe Hukumu ya Hedhi

Mabinti wetu wengi siku hizi huandika siku zao za hedhi katika programu za simu. Kuweka kumbukumbu ni jambo jema, kwani mwanamke hutakiwa kuijua ada yake. Tunachokipinga ni kuufanya utabiri wa simu kuwa hukumu.

Programu hizi hazioni kilichomo mwilini. Hujumlisha siku za mizunguko iliyopita na kutafuta wastani. Tuchukue mfano wa binti wa miaka 16 ambaye mizunguko yake minne ilikuwa siku 26, 34, 29 na 35. Wastani wake ni 31, ingawa hakuna hata mzunguko mmoja uliokuwa wa siku 31. Simu ikamwambia kwamba hedhi itaanza tarehe 20 Ramadhani. Akaacha swala na saumu siku hiyo, na damu ikaja tarehe 24. Siku nne amekula bila ya udhuru, na swala za siku hizo ni deni juu yake, kwani hukumu hufuata damu inapoonekana, haifuati hesabu.

Kosa hili huwapata zaidi wasichana, kwa kuwa miaka michache baada ya kubaleghe mizunguko huwa bado haijatulia. Na zile siku zinazoitwa za kushika mimba ni dhana juu ya dhana: simu huhesabu takriban siku 14 kurudi nyuma kutoka tarehe ya hedhi ijayo, nayo tarehe hiyo ni ya kukisia. Mke asiitegemee katika kupanga uzazi.

Lipo pia suala la siri. Januari 2021, Tume ya Biashara ya Serikali Kuu ya Marekani ilitangaza mapatano na kampuni ya Flo Health. Tume iliituhumu kuwa iliahidi kutunza siri za watumiaji, kisha ikazipeleka habari zao kwa makampuni mengine, zikiwemo Facebook na Google. Kampuni iliafiki masharti bila ya kukiri kosa. Jambo ambalo binti humficha hata kaka yake lilipita mikononi mwa wafanya matangazo.

Basi nini kifanyike? Anayetaka programu achague ile inayohifadhi kumbukumbu ndani ya simu tu, isiyodai jina, barua pepe wala mahali alipo. Akitaka kuiacha, afute kwanza akaunti na kumbukumbu zake, kwani kuiondoa programu kwenye simu hakufuti kilichokwisha kupelekwa kwa kampuni. Na daftari dogo lililofungiwa sandukuni hufanya kazi hiyohiyo: tarehe ya kuanza, tarehe ya kutwaharika, na idadi ya siku.

Enyi kina mama, wafundisheni mabinti zenu kuitambua damu na dalili za tohara kabla hawajafundishwa na simu.

Wallahu aalam.