MAONGEZI YA NYUMBANI: Mavyaa na Mkaza Mwana Jikoni

Katika kambi nyingi kuna nyumba ambayo mama mzazi wa bwana amekuja kukaa mwezi au miezi miwili, na tangu siku ya kwanza hapiti jikoni bila kutoa kasoro. Chumvi imezidi, sakafu haikufagiliwa vema, mtoto amefungwa vibaya mgongoni. Mkaza mwana hunyamaza, kwa kuwa adabu inamkataza kujibizana na mzazi. Lakini kimya chake kina sauti: sufuria zinagongwa, salamu za asubuhi zinafupishwa, na mwisho bwana anarudi kutoka zamu akakuta watu wawili wasiotazamana.

Tuutazame mfano wa mke wa koplo mmoja wa polisi mjini Kampala. Mavyaa wake, mjane, alitoka kijijini upande wa Lira baada ya mavuno, akaja kumsaidia mkaza mwana aliyejifungua. Nyumba yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, na sigiri iko mlangoni. Haikupita juma akawa na malalamiko matatu. La kwanza, vyombo vilioshwa vikaachwa katika beseni la maji badala ya kuanikwa juu ya kichanja. La pili, unga wa ulezi ulinunuliwa dukani kidogo kidogo, hali mwanamke wa kweli husaga wake mwenyewe. La tatu alilisema bombani mbele ya wake wa askari wengine: kwamba mwanawe amekonda tangu alipooa.

Mke yule alifanya jambo la busara kabla hajafungua kinywa. Aliyatenga maneno hayo matatu. La vyombo aliona ni kweli, kwani chombo kinacholala majini hunuka na huleta nzi. Akamwomba bwana atengeneze kichanja kidogo cha miti nyuma ya nyumba. La unga halikuwa katika uwezo wake, maana kambini hapana ghala wala nafasi ya kuweka jiwe la kusagia. Lililomchoma hasa lilikuwa la bombani, na hata hilo halikumchoma kwa sababu ya chakula, bali kwa sababu lilisemwa mbele ya majirani ambao angeendelea kuishi nao baada ya mavyaa kurudi kwake. Basi akajua anataka kuomba kitu kimoja tu. Mwenye kuomba mambo kumi kwa mara moja husikika kama mshitaki, lakini aombaye jambo moja lililo wazi humpa mzee njia ya kulitimiza.

Pili, alimwarifu bwana wake, lakini hakumtuma. Hapa ndipo nyumba nyingi huharibika. Mama akisikia lawama kinywani mwa mwanawe, hasikii habari za jikoni. Husikia kwamba mwana amechukuliwa na mwanamke mwingine, na tangu saa hiyo kila sahani huwa ushahidi. Kazi ya bwana ilikuwa nyingine. Alikubali kwamba mama akimletea mashitaka atamjibu kwa upole, "Mama, mwambie mwenyewe, ni mtoto wako," wala hatakuwa hakimu baina yao. Tena aliacha mazoea yake ya kusema mezani kwamba ugali wa mama ndio ugali.

Tatu, alichagua saa. Hakusema papo hapo bombani, wala jioni wakati watu wote wamechoka na njaa inauma. Alingoja alasiri moja, bwana akiwa kazini, mtoto amelala na majirani wamekwenda sokoni, kwa kuwa kuta za kambi ni nyembamba. Walikuwa wawili juu ya mkeka wakichambua majani ya kunde. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana, na maneno mazito hupita kwa wepesi. Alipiga magoti kama desturi ya kwao inavyotaka mbele ya mkwe, kisha akakaa chini, akasema:

"Mama, nakushukuru kwa kuacha shamba lako ukaja kuniuguza. Ulilosema juu ya vyombo lilikuwa kweli, na kichanja umekiona. Lakini nina neno moja moyoni, na nimeona ni heri nikuambie wewe kuliko kulipeleka kwa watu. Siku ile bombani uliposema kuwa mwanao amekonda, nilisikia uchungu na haya. Nikikosa, nakuomba uniite hapa ndani uniambie, nami nitasikia."

Yafaa kuyatazama maneno hayo. Shukrani imetangulia, nayo ni ya jambo lililotendeka hasa, si ya kupaka mafuta. Amelikiri kosa lililo lake. Ametaja siku moja na neno moja. Hakusema "kila siku unanisema," kwani neno hilo humfanya mzee aanze kuhesabu siku ambazo hakusema. Ameeleza alivyosikia yeye, hakueleza tabia ya mavyaa. Mwisho, hakumwomba mama aache kuonya, kwa maana kuonya ni haki ya mzazi. Ameomba mahali pa kuonyea tu.

Mavyaa alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba kwao maneno ya namna ile huwa ni mzaha wa wazee. Mke hakushindana kwamba ni mzaha au si mzaha. Alijibu, "Nimesikia, mama," akaendelea na kunde zake. Mzee aliyeguswa huhitaji mlango wa kutokea bila kuaibika, na anayeng'ang'ania aombwe radhi huufunga mlango huo.

Lakini jambo halikuishia mkekani. Mke alitambua kwamba mama huyu kijijini alikuwa na shamba, ghala, mbuzi na wajukuu wa kuamrisha. Kambini hakuwa na cha kushika, ila ulimi. Basi akamwomba amfundishe kusaga ufuta na kuupikia majani ya kunde, na siku za kupika chakula hicho mama ndiye mwenye sufuria. Hiyo ni kazi ya kweli, kwa kuwa chakula kililiwa na nyumba nzima, na mkaza mwana hakuijua vema. Kazi ya kumpumbaza mzee hutambulika mara moja, nayo humwudhi kuliko kukosa kazi.

Je, utajuaje kwamba maneno yameingia? Usitazamie kwamba kasoro zitakoma. Tazama kama sasa zinasemwa ndani, na kama baadhi yake zimegeuka maswali: "Kwa nini mnapika hivi?" Siku mazoea yakirudi, kikumbusho kifupi chatosha: "Mama, twende ndani uniambie." Hotuba isirudiwe.

Njia hii ina mpaka wake. Inafaa kwa mama anayesema kwa mazoea. Ikiwa kuna matusi, vipigo au shauri la kumfukuza mke, huo si ugomvi wa jikoni tena, na yapasa waitwe wazee wa pande zote mbili, na bwana mwenyewe asimame wazi. Hali kadhalika, mavyaa akishauri mtoto wa miezi miwili apewe uji, hapo heshima haiamui: mke na mavyaa waende pamoja zahanati, wamsikilize mkunga, ili pasiwe na mmoja aliyeshindwa na mwenzake.