Ufupisho wa Ratiba: Sentensi Mbili Zisizopoteza Saa

Kila mwanafunzi aliyepitia shule ya upili nchini Kenya anaujua ufupisho. Hutahiniwa katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili, kwa alama 15, na kanuni yake hukaririwa hata na asiyependa somo lenyewe: shika hoja kuu, acha mifano, acha takwimu, acha maelezo ya pembeni. Kanuni hiyo inafaa pale mtahini anapompa mtahiniwa kifungu kuhusu mazingira au ufisadi. Inapohamishiwa kwenye tangazo la chama linalopanga safari, hata hivyo, huwapoteza watu njiani. Makala haya yanashikilia kwamba ufupisho wa ratiba una kanuni iliyo kinyume kabisa cha ile ya darasani. Katika insha, tarakimu ndizo za kutupwa na sababu ndizo za kubakizwa; katika ratiba, sababu ndizo za kutupwa na tarakimu ndizo mwili wenyewe wa ujumbe.

Hoja hii haiwezi kueleweka bila mfano. Ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya, lakini msomaji yeyote aliye katika chama cha wanafunzi jijini Nairobi atautambua. Katibu wa chama cha Kiswahili anawaandikia wanachama, mwezi Machi 2026:

"Hamjambo nyote, poleni na majaribio. Ile safari ya kwenda Kawangware kurekodi mahojiano mwajua tuliipanga Ijumaa tarehe 13, lakini ukumbi siku hiyo una shughuli nyingine, tena mwenyekiti ana mhadhara, basi tumeonelea iwe kesho yake. Tukutane Kencom saa 8 asubuhi, na tafadhali msichelewe kama safari iliyopita, kwani gari litaondoka saa mbili unusu na dereva hasubiri mtu. Wanaokaa Kangemi na Uthiru hakuna haja ya kuja mjini kisha warudi tena huko huko, wao watusubiri kwenye kituo cha matatu cha Kawangware saa tatu unusu. Nauli ni shilingi mia mbili, apewe mhazini kabla ya saa kumi na moja jioni Alhamisi, maana anataka kulilipia gari Ijumaa asubuhi. Halafu, karibu nisahau, fomu za idhini zichapishwe. Tutarudi saa 3. Asanteni na Mungu awabariki."

Mwanafunzi aliyefuzu ufupisho wa darasani angeuandika ujumbe huu hivi: "Safari ya Kawangware imeahirishwa hadi Jumamosi. Wote wakutane Kencom asubuhi na walipe nauli mapema." Sarufi haina kasoro, mtiririko ni mzuri, na hoja kuu zimo. Lakini mwanachama wa Uthiru atapanda matatu ya kuelekea katikati ya jiji, apite Kangemi na Westlands, kisha apandishwe gari jingine la kumrudisha upande wa magharibi alikotoka. Mwingine atafika Kencom saa tatu, ambayo bado ni asubuhi, akute gari limekwisha ondoka. Neno "mapema" halitamwambia mtu kwamba mlango wa nauli unafungwa Alhamisi. Ufupisho huu ni mwema kwa mtahini na ni hatari kwa msafiri.

Kazi ya kufupisha ratiba huanza kwa kuhesabu, wala si kwa kuandika. Mfupishaji apitie ujumbe na kutia duara kila siku na kila saa, kisha apige mstari chini ya kila kitenzi kinachomtaka mtu afanye jambo. Katika ujumbe wa katibu kuna siku tatu: Alhamisi, Ijumaa na "kesho yake". Kuna saa tano: ya kukutana, ya gari kuondoka, ya kusubiri Kawangware, ya mwisho wa nauli na ya kurudi. Kuna vitendo saba: kukutana, kuondoka, kusubiri, kutoa nauli, kulilipia gari, kuchapisha fomu na kurudi. Idadi hiyo ndiyo mizani. Sentensi mbili zikishaandikwa, mfupishaji ahesabu upya. Kitakachopungua kimeanguka njiani, na kitakachozidi amekibuni mwenyewe.

Hesabu hiyo hufichua mtego wa kwanza. Ijumaa imetajwa mara mbili kwa kazi mbili tofauti. Kwa upande wa safari, Ijumaa imefutwa. Kwa upande wa malipo ya gari, Ijumaa ingali hai. Anayefupisha kwa haraka huiona siku iliyofutwa akaitupa pote pote, na malipo ya gari yakatoweka nayo. Isitoshe, hata tarehe iliyofutwa haistahili kutupwa, kwa kuwa wanachama tayari wanayo katika shajara zao. Anayesoma "Jumamosi tarehe 14" bila kuambiwa kwamba Ijumaa haipo tena aweza kudhani kuna safari mbili. Vivyo hivyo, "kesho yake" na "Alhamisi" hazina budi kupewa tarehe: zikihesabiwa kutoka Ijumaa tarehe 13, ni tarehe 14 na tarehe 12.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi, nao ni wa Kiswahili chenyewe. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua, ilhali saa inayoonekana kwenye simu huanza kuhesabiwa usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Mkazi wa Nairobi huishi katika hesabu zote mbili, na mara nyingi huzichanganya katika sentensi moja, kama alivyofanya katibu. "Saa 8 asubuhi" haiwezi kuwa ya Kiswahili, kwa sababu saa nane ya Kiswahili ni ya mchana au ya usiku, kamwe si ya asubuhi. Kwa hiyo katibu alikuwa akisoma simu, na alimaanisha saa mbili asubuhi. Saa ya gari kuondoka, "saa mbili unusu", inathibitisha: ni nusu saa baada ya kukutana. Hapa mfupishaji anaruhusiwa kusahihisha, kwa kuwa ushahidi umo ndani ya ujumbe wenyewe.

"Tutarudi saa 3" ni jambo jingine. Kwa hesabu ya simu ni saa tisa alasiri. Kwa hesabu ya Kiswahili ni saa tatu usiku, kwani saa tatu asubuhi gari litakuwa lingali njiani kwenda. Maana zote mbili zinawezekana, na tofauti yake si ndogo kwa mwanafunzi anayepaswa kutafuta matatu ya kumfikisha nyumbani gizani. Kwamba katibu ametumia tarakimu, kama alivyotumia katika "saa 8", ni dalili ya hesabu ya simu, lakini dalili si ushahidi. Mfupishaji hana ruhusa ya kukisia. Kuuliza si ujinga. Aliye mjinga ni yule anayeziba pengo kwa dhana yake, kisha akaliandika kwa ufasaha unaowafanya wengine waliamini.

Mtego wa tatu umejificha katika sarufi. "Fomu za idhini zichapishwe" ni kauli ya kutendwa, nayo haimtaji mtendaji. Wanachama arubaini wataisoma, na kila mmoja atadhani anaambiwa mwingine. Wapenzi wa lugha rasmi huisifu kauli hii kwa adabu yake, kwa kuwa haimnyoshei mtu kidole. Katika ratiba, adabu hiyo huwaacha wahojiwa bila fomu. Swali la pili kwa katibu basi ni hili: zichapishwe na nani?

Ichukuliwe kwamba katibu amejibu maswali yote mawili: kurudi ni alasiri, na fomu atazichapisha yeye mwenyewe. Ndipo sentensi mbili zinapoweza kuandikwa. Mgawanyo wake usiwe wa kubahatisha. Sentensi ya kwanza ibebe siku yenyewe, kwa mfuatano wa saa. Ya pili ibebe wajibu unaotangulia siku hiyo, pamoja na mtendaji wa kila jambo:

"Safari ya mahojiano ya Kawangware haitakuwa Ijumaa tarehe 13 bali Jumamosi tarehe 14 Machi: wanaotoka mjini wakutane Kencom saa mbili asubuhi, gari liondoke saa mbili unusu, wakazi wa Kangemi na Uthiru wasubiri katika kituo cha matatu cha Kawangware saa tatu unusu asubuhi, na wote watarudi saa tisa alasiri. Kila msafiri ampe mhazini nauli ya shilingi 200 kabla ya saa kumi na moja jioni ya Alhamisi tarehe 12 Machi, ili alilipie gari asubuhi ya Ijumaa tarehe 13, na katibu atachapisha fomu za idhini."

Mizani inakubali: siku tatu, saa tano, vitendo saba. Kilichoondoka ni mhadhara wa mwenyekiti, shughuli za ukumbi, kumbukumbu ya safari iliyopita na tabia ya dereva. Kila saa imeandikwa kwa maneno na kufuatana na kipindi chake cha siku, isipokuwa saa ya kuondoka, ambayo imeegemea "asubuhi" iliyo mbele yake. Aidha, "kabla ya" imebaki "kabla ya", haikugeuzwa "hadi". Na asubuhi ya Ijumaa haikubuniwa saa, kwa kuwa katibu hakuitaja.

Wapo watakaopinga kwamba ufupisho wa namna hii unaondoa utu wa Kiswahili, lugha ambayo haianzi jambo bila salamu. Pingamizi hilo lina uzito, lakini linachanganya mambo mawili. Salamu, pole na dua si porojo. Ni uungwana, na zina haki ya kubaki. Zisichopaswa ni kukaa katikati ya saa na tarehe. Katibu na asalimie katika aya yake, aandike sentensi mbili katika aya yao, kisha aage. Anayetaka kuwatumia wenzake ratiba peke yake ataichukua nzima bila kuikatakata.

Wengine watasema orodha au jedwali lingefaa zaidi. Kwa safari yenye makundi manne ya wasafiri au ya siku tatu, ni kweli, na kung'ang'ania sentensi mbili hapo ni ukaidi. Lakini ratiba ya siku moja yenye makundi mawili hutoshea, na sentensi zina faida ambayo orodha haina: hudai kiima. Orodha yaweza kusema "fomu: kuchapishwa" na kuishia hapo. Sentensi yenye kitenzi cha kutenda haisimami mpaka mtendaji apatikane, na ni katika kumtafuta ndipo pengo la ujumbe wa kwanza linapoonekana.

Kwa hiyo zoezi hili linastahili nafasi katika mihadhara ya stadi za mawasiliano, kando ya ufupisho uliozoeleka. Mhadhiri awape wanafunzi ujumbe mmoja wenye saa zilizochanganywa na kitenzi kisicho na mtendaji. Alama zisitolewe kwa ufasaha kwanza. Zitolewe kwa hesabu ya siku, saa na vitendo vilivyobaki, na kwa maswali ambayo mwanafunzi aliyauliza kabla ya kuandika.