Jikoni Mwetu: Pete ya Kijani ndani ya Yai

Jumapili moja, watoto wa parokia moja ya Bukavu walipopokea Komunyo ya kwanza, tulialikwa kula nyumbani kwa mmoja wao. Mama wa nyumba alikuwa ameamka kabla ya mapambazuko. Alitia mayai 30 katika sufuria kubwa, akawasha makala, kisha akavaa nguo zake za siku kuu akaenda Misa, akimwachia binti yake kazi ya kuangalia moto. Misa ilikuwa ndefu. Tuliporudi, mayai yalikuwa bado ndani ya maji ya moto. Yakamenywa, yakakatwa nusu nusu, yakapangwa vizuri juu ya wali.

Ndipo mgeni mmoja mzee alipoinua nusu ya yai lake, akalitazama, akalirudisha sahanini polepole. Kiini cha njano kilikuwa kimezungukwa na pete ya rangi ya majivu, yenye kuelekea kijani. Mzee akanusa, akasema kwa sauti ndogo iliyosikika na watu wote: «Mama, mayai haya yameoza.» Mwingine akaongeza neno lililo baya zaidi, kwamba kitu cha kijani hakiingii bure katika chakula cha karamu. Sahani ikarudi jikoni imejaa. Kesho yake mama yule akaenda sokoni kumdai muuzaji fedha yake. Muuzaji naye akaapa kwamba mayai yake yalikuwa mazima, na urafiki wao wa miaka mingi ukaharibika pale pale.

Wasomaji wapenzi, muuzaji alisema kweli. Mayai yale hayakuoza, wala hayakutiwa sumu. Yalikaa motoni kupita kiasi, na baada ya kutoka motoni yakaachwa katika maji yale yale ya moto. Tutaeleza jinsi jambo hilo linavyotokea, kwa maana mtu akilijua hatatupa tena chakula kizuri, wala hatamshitaki jirani bure.

Katika sehemu nyeupe ya yai, yaani ute, imo salfa, ile iliyoitwa kiberiti na wazee wetu. Haionekani, kwa sababu imefungwa ndani ya protini za ute. Katika kiini imo chembe ndogo ya chuma, kilicho cha lazima kwa damu ya kifaranga, na chenye faida kwa damu yetu pia. Maadamu yai ni bichi, salfa inakaa kwake na chuma kinakaa kwake. Lakini ute ukipata joto kali kwa muda mrefu, sehemu ya protini zake huvunjika, na salfa hutoka ikiwa imeungana na haidrojeni. Huwa hewa yenye harufu tuijuayo sote. Ndiyo hewa ile ile inayonuka katika yai lililooza! Ndiyo maana mzee wetu alidanganywa na pua yake: alinusa kidogo kitu ambacho kwa kawaida hunuka sana katika yai bovu.

Hewa hiyo inakwenda wapi? Joto huingia katika yai kutoka nje kwenda ndani, kwa hiyo ute huwa moto kwanza, na katikati hubaki na ubaridi kidogo kwa dakika kadhaa. Hewa huelekea kule kwenye ubaridi, yaani kwenye kiini. Inapofika juu ya ngozi ya kiini inakuta chuma, nayo inaungana nacho. Mtoto wa muungano huo ni salfidi ya chuma, kitu chenye rangi nyeusi. Lakini cheusi kidogo kikipakwa juu ya njano, jicho huona kijani. Mambo haya yalichunguzwa huko Uingereza na Tinkler na Soar, wakaandika habari zake mwaka 1920.

Kiasi cha salfidi hiyo ni kidogo mno, hakimdhuru mtu mzima wala mtoto. Yai lenye pete huliwa. Kasoro yake ni sura, harufu kidogo, na ute uliokuwa mgumu kama mpira.

Tulitaka kuona kwa macho yetu wenyewe. Tulinunua mayai 8 ya kuku wa kienyeji, madogo, kwa mama mmoja aliyetuambia kwamba yalitagwa wiki ile ile. Tulichemsha maji kwanza, kisha tukayashusha mayai yote kwa kijiko, moja moja. Baada ya dakika 10 tulitoa 2, tukayatia mara moja katika maji baridi. Mengine 2 tulitoa wakati ule ule, lakini tukayaweka katika sufuria ndogo yenye maji ya moto, tukaifunika bila moto hadi dakika 30 zilipotimia. Yale 4 yaliyobaki tuliyaacha yakichemka dakika 30 nzima. Mwishoni 2 yakatiwa katika maji baridi, na 2 yakaachwa yapoe yenyewe mezani.

Tulipoyakata, mawili ya kwanza yalikuwa na kiini cha njano safi mpaka ukingoni. Yale yaliyokaa katika maji ya moto bila moto yalikuwa na mstari mwembamba wa majivu. Hapo tulielewa kosa lililojificha katika nyumba nyingi: mtu huondoa sufuria jikoni akidhani mapishi yamekwisha, kumbe maji yanaendelea kupika. Yale ya dakika 30 yote yalikuwa na pete nene, na yaliyopoa mezani yalinuka zaidi. Maji baridi hayakuweza kuondoa pete iliyokwisha kufanyika. Yanazuia tu, hayaponyi.

Maji baridi yanazuia kwa njia mbili. Kwanza, yanakomesha joto, hata ute usiendelee kutoa hewa. Pili, yanageuza safari ya hewa iliyokwisha kutoka: sasa upande wa nje wa yai ndio wenye ubaridi, basi hewa hurudi nje kuelekea kwenye gamba na kukiacha kiini. Lakini maji yawe mengi. Mayai 10 ya moto katika bakuli dogo huyapasha maji yale kwa dakika chache. Yakiwa vuguvugu, yamwageni mtie mengine. Mayai yakae humo kama dakika 10, hata mkono ukilishika yai usisikie joto.

Juu ya muda, lazima tuseme neno kwa ajili yetu sisi tukaao milimani. Vitabu vya mapishi vilivyoandikwa pwani au Ulaya vinahesabu kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi. Yai linahitaji dakika moja au mbili zaidi kuliko kitabu kinavyosema. Wengine, wakiona kiini bado kimelegea, huongeza makala na kuchochea kwa nguvu. Ni kazi bure: maji yakiisha kuchemka hayazidi joto hata moto uwe mkubwa namna gani, yanapungua tu sufurianini, na mayai yanagongana na kupasuka. Moto wa kiasi, wenye kutoa mapovu taratibu, unatosha.

Basi kwetu sisi yai dogo la kienyeji linataka dakika 10 tangu kuingia katika maji yanayochemka. Yai kubwa la kuku wa kizungu linataka 12 au 13. Anzeni na maji yanayochemka, si maji baridi. Ukianza na baridi huwezi kujua lini yai lilianza kuiva, kwa maana makala ya leo si sawa na makala ya jana, na sufuria ya mayai 30 huchelewa kuliko ya mayai 5. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye karamu na apike kwa zamu, mayai 10 kila mara, maji yakiyafunika kwa vidole viwili. Na mayai yaliyotoka mahali pa baridi sana yakae kwanza jikoni, yasije yakapasuka yanapokutana na maji ya moto.

Asiye na saa, wala simu yenye saa, afanye kama bibi mmoja wa parokia yetu. Yeye hupima mayai yake kwa Rozari: makumi matatu, bila haraka, na yai liko tayari. Tulimpima kwa saa, tukakuta dakika 10 na nusu. Lakini kila mtu ana mwendo wake wa kusali. Wako wanaomaliza kumi moja kabla wengine hawajafika Salamu Maria ya tano. Jipimeni mara moja kwa saa ya jirani, ndipo mjue.

Kuna yai moja linaloweza kuwashinda hata mkihesabu vizuri, nalo ni lile la zamani. Gamba la yai lina matundu madogo yasiyoonekana, na siku kwa siku hewa ya kaboni hutoka humo. Ute hupoteza ukali wake na kuelekea upande wa magadi, na ute wa namna hiyo hutoa salfa kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo yai la wiki nne laweza kuonyesha pete hafifu hata baada ya muda ulio sawa. Lakini msikimbilie yai la leo asubuhi: hilo halimenyeki, ute wake hung'ang'ania gamba na kutoka vipande vipande. La siku tano hadi kumi linafaa zaidi kwa kuchemsha.

Na yai lililooza kweli tutalijuaje? Kabla ya kupika, litieni katika bakuli la maji. Likilala chini, ni jipya. Likisimama kwa ncha, ni la zamani, lakini kwa kawaida lafaa. Livunjeni kwanza katika kikombe mkalinuse. Likielea juu, hewa imejaa ndani yake, msilichemshe kwa wageni. Baada ya kupika, tazameni pete iko wapi. Pete ya joto inakaa juu ya kiini peke yake, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiikwangua kwa kisu, chini yake ni njano, na ute ni mweupe wote. Yai bovu hunuka mara linapovunjwa, na uozo wake haukai mahali pamoja: ute wenyewe hubadilika rangi.

Haya yote tulimwonyesha yule mama wa karamu jikoni kwake, kwa mayai yaliyobaki kutoka kapu lile lile. Alipokata la kwanza akaona njano safi, alinyamaza kidogo, kisha akaomba kipande cha karatasi afunge mayai mawili, akajitanda kitenge chake, akashika njia ya sokoni.