Kopo lile halihesabu wadudu, linahesabu wanaotembea



Wiki tatu zilizopita niliitwa kwenye kibanja kimoja hapa Isingiro. Mfanyabiashara wa dawa alikuwa ameonesha watu jambo, na watu walikuwa tayari wameshaanza kuchanga fedha. Alichukua nusu ya kibanja, akaondoa matandazo ili dawa ifike kwenye udongo, akamwagia. Nusu ya pili akaiacha na majani yake. Kila upande akafukia makopo 5 kwa mstari, hatua moja kati ya kopo na kopo, akayaacha usiku wa pili. Asubuhi akamimina mbele ya watu: upande wa dawa wadudu weusi 38, upande usio na dawa 11. "Mnaona dawa inavyowatoa ardhini?" akasema. Mama mwenye kibanja akanigeukia: "Bwana shamba, sasa tununue au tusinunue?"

Nilisema tusinunue, na leo naeleza kwa nini. Sisemi dawa ile ni mbaya. Ubishi wangu ni juu ya makopo yale, kwa sababu yalivyowekwa yangetoa jibu lile hata kama kwenye chupa kulikuwa na maji matupu.

Kwanza tuangalie kilichonaswa. Nilimwaga wote 49 kwenye sinia. Fukusi wa migomba walikuwa 2 tu. Fukusi unamjua: ana pua ndefu iliyopinda chini, anakwenda polepole, na ukimgusa anajifanya amekufa. Wengi wa wale wengine walikuwa mbawakawa wa ardhini. Hawa ni weusi wanaong'aa, miguu mirefu, midomo kama koleo, na ukiinua jani wanakimbia. Wengi wao wanakula wadudu wenzao: viwavi sota, mayai, funza walio juu ya udongo. Kwa hiyo hata kama kopo lingekuwa la kweli, yule bwana alikuwa anashangilia kuwatoa askari wako nje.

Sasa kopo lenyewe. Mtego wa shimo haumwiti mdudu. Unakaa tu. Mdudu anaingia kwa kuwa alikuwa anatembea akapita pale. Kwa hiyo idadi unayoimimina asubuhi ni mambo mawili yaliyochanganyika: wapo wangapi, na kila mmoja anatembea kiasi gani. Mbawakawa 10 wanaozunguka usiku kucha watajaza kopo kuliko 40 walioshiba na kulala chini ya majani.

Ni nini kinachowafanya watembee zaidi? Mawili, na yote yalikuwa upande ule wa dawa. La kwanza ni udongo mtupu. Penye matandazo mdudu anapanda jani, anashuka, anajificha, anasimama. Pakiwa peupe anakwenda moja kwa moja kama mtu kwenye barabara ya lami. Huko Uingereza mtafiti Greenslade aliandika jambo hili mwaka 1964: ukifyeka majani kuzunguka mtego, hesabu inabadilika ingawa wadudu ni wale wale. La pili ni njaa. Dawa ikiua vidudu vidogo ambavyo mbawakawa anakula, mbawakawa aliyebaki anahangaika kutafuta. Watafiti wa Uswidi waliliona hilo kwenye mashamba ya shayiri miaka ya 1980: palipopuliziwa, mitego ilinasa mbawakawa wengi zaidi, na walipowapasua matumbo yalikuwa na chakula kidogo. Hesabu ilipanda kwa sababu chakula kilishuka.

Nakiri kosa hili nalijua kwa kuwa nimelifanya. Mwaka wangu wa kwanza kazini baada ya diploma nilifukia makopo kwenye kibanja chenye majani na kwenye shamba la mahindi lililopaliliwa likawa jeupe. Mahindi yakashinda. Nikasimama mbele ya kikundi nikasema matandazo yanafukuza wadudu wema. Mzee mmoja alinisikiliza, akaondoa majani yote kwenye migomba yake. Kiangazi cha mwaka ule kilimkuta na udongo mtupu. Sijamaliza kumwomba radhi.

Basi ukitaka kutumia makopo, yapange hivi.

Tumia vikombe vya plastiki vya nusu lita, vyote vya ukubwa mmoja, viwili viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha nje kinabaki ardhini, cha ndani unakitoa kumimina bila kuchimba upya. Mdomo wa kikombe uwe sawasawa na udongo. Ukisimama juu hata unene wa kijiti cha kiberiti, wadogo wanafika ukingoni na kugeuka, halafu unabaki na wakubwa tu na kudhani wadogo hawapo. Ndani weka maji ya vidole viwili, chumvi ya kushika mkononi, na sabuni kidogo isiyo na manukato ili wazame haraka. Wakibaki hai wanakulana usiku na asubuhi unakuta miguu. Usitie rubisi wala vipande vya mgomba. Hapo umeacha kuhesabu wapita njia, umeanza kualika wageni. Ndoo zile za Uganda zenye harufu ya fukusi dume ni chombo kizuri, lakini ni kwa ajili ya kumwita fukusi, si kwa kazi hii. Juu weka kipande cha bati kwenye vijiti vitatu, kwa urefu wa vidole viwili, mvua isijaze kikombe na chura asiingie.

Majani yaliyo kuzunguka mdomo yaache yalivyo. Ukiyasukuma kando umetengeneza kiwanja cheupe, na kila kopo litakuwa na kiwanja chake cha ukubwa tofauti.

Umbali ndipo watu wengi wanapobania. Makopo yaliyo hatua moja moja yanaibiana: mbawakawa mmoja angeweza kuanguka katika lolote kati ya matano, kwa hiyo yale 5 ni kama kopo moja pana. Isitoshe, baada ya siku chache mnakuwa mmewamaliza walio jirani. Mimi natumia kamba ya mita 20. Ekari moja ya mraba ina upande wa karibu mita 63. Ukiacha mita 11 hivi kutoka kila ukingo, unapata nafasi ya makopo 9: mistari mitatu, kila mstari matatu, mita 20 kati yao. Nusu ekari, makopo 4 yanatosha. Hizo mita za ukingoni usizile, kwa sababu pembeni utanasa wa rweya na wa shamba la jirani. Kama kibanja ni kidogo na umelazimika kushuka mpaka mita 10, angalia kopo la katikati. Likiwa linapata kidogo kuliko yale ya pembe kila ukimimina, yako karibu mno.

Siku za kuacha pia si usiku wawili. Ukichimba shimo unavuruga udongo, na siku za mwanzo hesabu huwa juu kwa sababu ya uchimbaji wenyewe. Fukia, funika kwa kifuniko, acha wiki moja. Halafu fungua kwa siku 14, umimine kila siku ya 7. Pande zote mbili zifunguliwe siku moja na kufungwa siku moja, kwani usiku wa mvua na usiku mkavu havilingani. Na rudia msimu mwingine. Walionaswa masika peke yao hawakuambii nani anazunguka kibanjani mwezi wa kumi.

Kopo litakanyagwa na ng'ombe, hilo litegemee. Usijifanye halikutokea, gawa. Makopo 4 kwa siku 14 ni usiku wa kopo 56. Moja likipotea wiki ya pili, toa 7, zinabaki 49. Wadudu waliopatikana gawa kwa 49, si kwa 56.

Lakini hata ukifanya yote hayo, bado huwezi kulinganisha penye majani na peupe kwa kopo. Mpangilio mzuri hautibu ugonjwa ule wa kutembea. Kopo linafaa kulinganisha mahali panapofanana: kibanja chenye majani na kibanja chenye majani, au mahali pale pale mwaka huu na mwaka kesho. Kwa penye tofauti unahitaji kuwazuia wasitembee. Chukua mabati ya zamani, tengeneza boksi lisilo na sakafu wala paa, mita 1 kwa mita 1, lizamishe ardhini kiganja kimoja. Usiku wanalala ndani. Asubuhi inua majani yote, okota kwa mkono, kisha fukia vikombe viwili kwenye pembe na uendelee kumimina kila siku mpaka ukae siku tatu bila mdudu. Ulichokusanya ndicho kilichokuwa ndani ya mita moja ya mraba, mtembezi na mlala hoi pamoja.

Tulifanya hivyo kwenye kibanja kile kile, boksi 3 kila upande. Upande wa dawa mbawakawa wa ardhini 4 kwa boksi zote tatu. Upande wenye majani 13. Yaani kinyume kabisa cha makopo.

Najua mtu wa dawa atasema boksi 3 ni chache. Ni kweli, na tena kibanja ni kimoja. Wala siwezi kutenganisha kazi ya dawa na kazi ya kuondoa majani, kwa sababu yeye mwenyewe alizifanya zote mbili upande mmoja. Kumwuliza mtu mmoja mara kumi si kuuliza watu kumi, na boksi zote zilizo ndani ya kibanja kimoja ni mtu yule yule. Ndiyo maana sitangazi kwamba dawa inaua marafiki zako. Ninachotangaza ni kwamba zile 38 kwa 11 hazikuonesha alichosema.

Akitaka tumwamini, namkaribisha. Alete vibanja 6 vya wakulima 6 tofauti, vyote vyenye majani na majani yabaki. Vitatu avimwagie, vitatu aviache, na nani apate dawa tuamue kwa kura ya vikaratasi, sio achague yeye. Makopo na boksi yawe wazi siku zile zile, na fukusi wahesabiwe peke yao, mbawakawa peke yao. Mabati ninayo, kamba ninayo. Mama mwenye kibanja ameshasema makopo yale 10 hayaondoki kwake, anataka vikombe vya kunywea uji.