Boti ya AVEC iwe shahidi, isiwe mtunza feza

Katika vikundi vingi vya AVEC mashariki mwa Kongo, ugomvi huanza na neno moja: "Nililipa." Kitabu cha mwanachama kimelowa mvua, mihuri haionekani, sekretere wa zamani amehama. Kwa familia zilizokimbia vita, feza hiyo mara nyingi ndiyo akiba pekee waliyo nayo. Ndiyo maana wazo la kutengeneza boti ni zuri. Boti ni programu inayojibu mesaji yenyewe ndani ya simu, inaandika michango na kukumbusha siku ya kulipa. Lakini boti iliyotengenezwa vibaya itazidisha ugomvi.

Kosa la kwanza ni kumwachia mtu mmoja aandike peke yake. Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama 20, kinachokutana kila Jumanne saa tisa mchana. Sehemu moja ni franka 2.000, na kila mama ananunua sehemu moja hadi tano. Mama mwenye kitabu namba 07 analeta franka 6.000. Sekretere anaandikia boti:

```
/changia 07 3
```

Hapo boti isihesabu bado. Impe mchango huo namba, tuseme 41, halafu imungoje mtunza feza. Huyu anahesabu noti mbele ya wote, anaandika `/kubali 41` kwenye simu yake mwenyewe, ndipo mchango unaingia. Kitabu kinapigwa mihuri mitatu palepale. Boti haiwezi kuona noti. Inachojua ni kwamba watu wawili wamesema jambo moja.

Mwisho wa mkutano boti inasoma jumla: sehemu 46, ni kusema franka 92.000. Lakini ndani ya sanduku kuna 90.000. Tofauti ni sehemu moja, na wanachama bado wamekaa. Vitabu vinafunguliwa kimoja kimoja: namba 12 ana mihuri miwili, boti imeandika tatu. Makosa hayo yasifutwe. Yaandikwe kwa mstari mpya, `/rekebisha 12 -1`, na mtunza feza aukubali pia. Boti inayoruhusu kufuta inaruhusu pia kuiba, kwa sababu hakuna atakayejua kilichokuwapo jana.

Jambo la pili ni mesaji za kukumbusha. Watengenezaji wengi watapenda kutuma katika grupu majina ya wenye deni, ili wapate haya. Hiyo ni hatari. Simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na njiani inaweza kushikwa na mtu yeyote. Akisoma kwamba mama fulani ana feza, au kwamba sanduku limejaa, amejua nyumba ya kwenda usiku. Ukumbusho uende kwa mtu mmoja, bila jina, bila kiasi, bila mahali: "Kesho saa tisa. Usisahau kitabu." Inatosha. Anayetaka kujua hesabu yake aulize mwenyewe.

Saa nayo iangaliwe. Goma iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Boti iliyowekwa saa ya Kinshasa itatuma ukumbusho wa saa kumi na mbili jioni wakati Goma ni saa moja usiku.

Kuhusu njia ya kutuma, Telegram ni rahisi: boti inasajiliwa bure kwa BotFather. Ila haiwezi kumwandikia mtu wa kwanza. Kila mwanachama lazima abonyeze Start mara moja. WhatsApp inajulikana zaidi na watu, lakini boti yake inahitaji akaunti ya biashara. Ikiwa mtu hakuiandikia ndani ya saa 24, boti inaweza kumtumia tu mesaji ya mfano uliokubaliwa mbele, na mara nyingi kwa malipo. Mama mwenye simu ndogo, au asiye na feza ya kununua mega, apewe mwenzake jirani wa kumwambia kwa mdomo. Asipigwe faini kwa sababu mesaji haikufika.

Tena, orodha isikae kwa kijana aliyetengeneza boti peke yake. Kila baada ya mkutano, watu wawili wanaoishi mitaa tofauti wapate nakala yenye namba za vitabu tu, na ufunguo wa namba na majina ukae kwa mwingine. Siku kikundi kinapotawanyika, sanduku linaweza kubaki nyuma au kuporwa, na boti haitarudisha hata franka moja. Lakini kama sanduku limeokolewa, nakala hizo ndizo zitaonyesha kila mama anadai sehemu ngapi, hata kama kitabu chake kimeungua.

Kwa hiyo kikundi kisitupe vitabu wala mihuri. Kijaribu boti na vitabu pamoja, mkutano kwa mkutano, mpaka mgawanyo wa mwisho wa mzunguko. Mahali viwili hivyo vinapotofautiana, kikundi kisimame na kuhesabu sanduku kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani.